Wino kwenye buluu, penseli kwenye nyekundu: kusoma maandishi yaliyofifia

Kesi za mirathi huku Kisumu na Siaya mara nyingi huifikisha familia kwenye daftari la zamani la ubatizo. Tuchukue ukurasa wa miaka ya 1920: majina na tarehe yameandikwa kwa wino ambao sasa ni kahawia hafifu, na pembeni kuna maelezo ya penseli yasiyoonekana vizuri hata dirishani. Karatasi imekuwa ya manjano na ina madoa. Aliyeleta daftari kwa kawaida ameshajaribu kuongeza kontrasti kwenye simu, na madoa yakakolea pamoja na herufi. Tatizo ni kwamba amezikoleza rangi zote kwa pamoja.

Picha ya rangi ni picha tatu zilizolaliana: nyekundu, kijani na buluu. Kila moja ni chaneli, na ikitengwa huwa ya kijivu, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi hadi 255 ambayo ni nyeupe. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma, tanini ya vinundu vya mwaloni na gundi ya mgunga. Ukichakaa huwa kahawia, na kitu cha kahawia humeza mwanga wa buluu lakini huurudisha ule mwekundu. Kwa hiyo wino huo hukolea kwenye chaneli ya buluu na karibu utoweke kwenye nyekundu. Penseli ni grafaiti, nayo humeza rangi zote karibu sawasawa. Ndiyo maana ukurasa mmoja unaweza kuhitaji chaneli mbili.

Kazi huharibikia kwenye upigaji picha kuliko mahali pengine popote. Picha ya JPEG hubana habari za rangi, na buluu ndiyo huumia zaidi: ukiikuza utaona miraba midogo imekatakata herufi. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, kisha uhifadhi kama TIFF ya biti 16. Tumia mwanga wa mchana wa kivulini, kwa sababu balbu ya manjano ina buluu kidogo mno. Weka kamera kwenye stendi, na ISO, yaani wepesi wake kwa mwanga, iwe ya chini, maana kwenye kihisi cha kamera nyingi ni robo tu ya vidoti inayopokea buluu, na chembechembe huonekana huko kwanza.

Kwenye programu ya bure ya GIMP, fungua `Colors > Components > Decompose`, chagua `RGB`, na uache tabaka tatu zijitenge. Tuseme kwenye nyekundu karatasi ni 222 na wino ni 214: tofauti ya 8 tu, jicho huiona kwa taabu. Kwenye buluu karatasi ni 192 na wino ni 168, tofauti ya 24. Sasa chagua tabaka la buluu, fungua `Colors > Levels`, uweke nyeusi kwenye 150 na nyeupe kwenye 200; kipimo kikiwa cha 0 hadi 100 kwa sababu picha ni ya biti 16, weka 58.8 na 78.4. Karatasi hupanda hadi 214, wino hushuka hadi 92, na tofauti huwa 122. Jina linasomeka.

Kwa penseli ya pembeni, rudi kwenye nyekundu. Hapo umanjano na madoa hupauka na grafaiti hubaki, nawe unyooshe `Levels` vivyo hivyo. Lakini grafaiti hung'aa. Taa ikijirudisha moja kwa moja kwenye lenzi, mstari huwa mweupe kama karatasi, na hakuna chaneli itakayouokoa. Sogeza taa, upige tena.

Mtego mkubwa uko kwenye buluu, kwa kuwa madoa ya kahawia nayo hukolea humo. Katika ukurasa wetu, doa limefunga upande wa kushoto wa tarakimu ya mwisho, na 1923 imekuwa kama 1928. Kwenye mirathi, miaka mitano si jambo dogo. Tazama ukingo: mchirizi wa kalamu una kingo kali na upana unaofanana na wa tarakimu za jirani, ilhali doa huyeyukia kwenye karatasi. Kisha piga picha nyingine taa ikiwa chini kabisa, ubavuni. Nibu ya chuma iliyokandamizwa huacha vijia viwili vyembamba kwenye karatasi, na doa haliachi kitu. Vijia vikiishia pale 3 inapoishia, ni 3.

Pale wino ulipobanduka na nibu haikuacha alama, hakuna cha kurudisha kwa njia hii. Usipake chai wala kemikali, na usikoleze herufi kwa kalamu. Hifadhi picha asili bila kuigusa, andika kando chaneli na namba za `Levels` ulizotumia, na kila herufi yenye shaka uiweke ndani ya mabano ya mraba, hivi: 192[3].