Mbegu Iliyolala na Mbegu Iliyochoka: Jinsi Maabara Inavyozitofautisha

Mpunga uliotoka kuvunwa una tabia ya kutuhangaisha maabara. Sampuli inaletwa, punje zimejaa vizuri na hazina doa, tunapanda mbegu 400 kwenye karatasi yenye unyevu, makundi manne ya mia mia. Siku ya 5 tunahesabu mara ya kwanza, na siku ya 14 mara ya mwisho. Chukulia makundi hayo yametoa miche ya kawaida 60, 65, 58 na 65. Wastani ni asilimia 62, na mwenye fungu akisikia hivyo anaona mbegu yake imekwisha.

Haraka hiyo si nzuri, kwa sababu swali la msingi ni hili: zile ambazo hazikutoa mche wa kawaida zimepatwa na nini? Katika mfano wetu, 4 kwa mia ziliota miche yenye kasoro, labda mzizi umedumaa au chipukizi limepasuka, na miche kama hiyo hatuiingizi kwenye asilimia ya uotaji. Nyingine 4 zimekufa: zimelainika, zimebadilika rangi, zimeota ukungu, na ukizibana kwa kibanio zinatoa uji. Zinabaki 30. Hizi zimenyonya maji, zimevimba kidogo, ni ngumu na safi, na baada ya wiki mbili za unyevunyevu hazina hata ukungu. Ninapoziona punje za namna hii, jambo la kwanza ninalofikiria ni ubwete, yaani mbegu iko hai lakini imelala.

Tunahakikisha kwa tetrazoli. Punje iliyoloweshwa inapasuliwa kwa urefu kupitia kwenye kiini, kisha inawekwa katika kimiminika hicho kisicho na rangi. Seli hai zinapumua, na vimeng'enya vyake huigeuza tetrazoli kuwa nyekundu. Kiini kikiwa chekundu vizuri, mbegu ina uhai. Kikibaki cheupe, imekufa.

Katika mpunga, makapi na ngozi ya punje huzuia hewa kufikia kiini, na ndani kuna homoni inayokizuia kuota. Hali hiyo hupungua yenyewe mbegu ikikaa kavu kwa wiki kadhaa au miezi. Maabara haiwezi kusubiri kiasi hicho, kwa hiyo tunazipasha mbegu kavu joto la nyuzi 50 za Selsiasi, kwa kawaida siku 5, hewa ikizunguka. Mbegu ikiingia humo na unyevu mwingi, joto litaiua, na utadhani fungu lilikuwa bovu tangu mwanzo. Tukirudia kipimo kwenye fungu letu tunapata 88, 93, 90 na 93, wastani wa asilimia 91. Zile 30 zilikuwa zimelala tu. Cheti kitaonyesha matokeo hayo pamoja na njia iliyotumika kuziamsha, maana anayepanda kesho bila kuziamsha hataiona hiyo 91 shambani.

Kuna mbegu zinazotudanganya kwa upande wa pili: asilimia ni nzuri, nguvu hakuna. Chukua mafungu mawili ya njegere, yote yameota asilimia 90. Maabara iliyapa joto sahihi na maji ya kutosha, vitu ambavyo udongo wa baridi uliolowa hautoi. Hapo tunapima nguvu ya mbegu kwa maji. Mbegu 50 zinapimwa uzito, zinaloweshwa kwenye mililita 250 za maji yaliyoondolewa chumvi, kwa nyuzi 20, saa 24, na tunarudia kwa makundi manne. Utando wa seli za mbegu iliyochakaa unavuja, chumvi na sukari vinatoka, na maji yanapitisha umeme zaidi.

Katika kundi moja la fungu la kwanza, mbegu zina gramu 12 na kipimo kinasoma mikrosimensi 254 kwa sentimita. Toa 2 za maji yenyewe, gawa kwa 12, unapata 21. Fungu la pili lenye uzito uleule linasoma 494, na jibu ni 41. Kwa njegere, chini ya 25 mbegu inastahimili kupandwa mapema kwenye udongo wa baridi. Kati ya 30 na 43 haifai kwa upandaji huo, kwa kuwa sukari inayovuja huita kuvu wa kuozesha mbegu kabla haijatokeza.

Namba hizi usizihamishie kwenye zao lingine. Tena, mbegu iliyokauka kupita kiasi hunyonya maji kwa kasi, seli zikapasuka, na usomaji ukapanda bila mbegu kuwa imechakaa. Ndiyo maana tunapima unyevu kwanza, na kuurekebisha uwe kati ya asilimia 10 na 14 kabla ya kulowesha.

Fungu la pili hatulitupi. Lipandwe udongo ukishapata joto, na lisiwekwe ghalani hadi msimu mwingine.