Gesi ya maji ya chupa huishia wapi mwilini

Mimi ni daktari wa magonjwa ya mfumo wa chakula, na hapa Nairobi ni nadra wiki ipite bila mgonjwa kuniuliza kuhusu maji yenye gesi. Mmoja ameambiwa kazini kwamba yanachoma tumbo. Mwingine amesikia yanakula mifupa. Mwingine huyanywa makusudi baada ya nyama choma ili abeue na tumbo limpungukie. Maswali haya yote nayajibu kwa kuifuata gesi yenyewe tangu kizibo kinapofunguliwa.

Gesi hiyo ni kabonidayoksaidi iliyoshindiliwa majini. Chupa ya nusu lita huwa na gramu tatu hivi, ambazo zikitoka zote kwenye maji hujaza takriban lita moja na nusu. Sehemu kubwa hupotea unapofungua chupa, unapomimina na unapokunywa. Inayobaki majini hutengeneza asidi ya kaboni, asidi dhaifu, na ndiyo inayokuchoma kidogo ulimini.

Kituo cha kwanza ni meno. Enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini pH, kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyokuwa kali, ikishuka chini ya 5.5 hivi, na maji yenye gesi mara nyingi huwa kati ya 4.5 na 5.5. Ukiishia hapo utaogopa, lakini asidi hii haina nguvu ya kudumu: gesi hutoroka, mate huiosha, na kinywa hurudi kawaida haraka. Meno yaliyopimwa maabara nchini Uingereza yaliyeyuka kidogo mno kwenye maji ya madini yenye gesi, karibu mara mia chini ya ilivyokuwa kwa soda. Hesabu hubadilika maji yakitiwa ladha ya ndimu au chungwa, kwa sababu asidi ya sitriki hung'ang'ania kalisi ya jino, na hapo maji yanaweza kukaribia juisi kwa ukali hata kama hayana sukari. Basi soma lebo. Na mtu mwenye meno ya rangi ya kahawia tangu utotoni asiyalaumu mapovu. Visima vingi vya Nairobi na Bonde la Ufa vina floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na madoa hayo huingia meno yanapokuwa bado yanajengeka ndani ya ufizi.

Kituo cha pili ni tumbo, na hapa ndipo malalamiko mengi huzaliwa. Maji hayo yakifika kwenye joto la mwili, gesi huachana nayo na kupanda sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Sehemu hiyo ina neva zinazohisi kutanuka. Ikitanuka vya kutosha, msuli wa mviringo unaofunga mlango kati ya umio na tumbo hulegea kwa sekunde kadhaa ili hewa itoke. Huko ndiko kubeua, na ni kazi ya kawaida ya mwili. Kwa watu wengi usumbufu huanza wakipitisha mililita 300 hivi kwa mkupuo. Glasi moja inayonywewa polepole hata hawaisikii.

Matata ni kwamba mlango ule ukilegea, hautoi hewa peke yake kila mara. Ukiwa umesimama, hewa iko juu na asidi iko chini, kwa hiyo inayotoka ni hewa. Ukilala chali tumbo limejaa, maji ya tumbo husogea hadi mlangoni, na kila mlango unapolegea maji hayo hupanda kwenye umio. Hicho ndicho kiungulia. Asidi inayochoma ni ya tumbo lako mwenyewe, yenye pH ya 1 hadi 2. Maji ya pH 5 ni hafifu kuliko hiyo mara elfu moja au zaidi, kwa hiyo si asidi ya chupa inayokuunguza. Kosa la gesi, pale linapokuwepo, ni kutanua na kufungua mlango.

Nitoe mfano wa mama mmoja anayefanya kazi Upper Hill, nikibadilisha mambo kadhaa asitambulike. Foleni humfikisha nyumbani usiku. Saa tatu anakula ugali, sukuma wiki na nyama ya kukaanga, anateremshia chupa ya nusu lita ya maji yenye gesi, na saa nne yuko kitandani. Usiku wa manane anaamka koo linawaka na uchungu umejaa mdomoni. Alikuwa tayari kuyaacha maji hayo maisha yake yote. Nilimwomba tubadilishe jambo moja kwa wakati, maana ukibadilisha yote pamoja hutajua lipi lilikusaidia. Wiki ya kwanza aliondoa maji ya gesi tu, chakula na saa zikabaki zilezile. Kiungulia kilipungua, lakini hakikuisha. Wiki ya pili aliyarudisha maji, glasi moja saa tisa alasiri akiwa ofisini, na chakula cha jioni akakisogeza hadi saa moja kwa kubeba chakula na kukila kabla ya kuondoka kazini. Usiku ule moto haukumwamsha tena. Kwake, saa ya kula na kulala ilikuwa na uzito kuliko mapovu. Kwa mwingine inaweza kuwa kinyume, na ndiyo maana napenda jaribio hili kuliko orodha ya makatazo. Kulala ubavu wa kushoto pia husaidia, kwa sababu mlango wa umio hukaa juu ya asidi.

Jaribio hilo lisimcheleweshe mtu ambaye chakula kinamkwama akimeza, anapungua uzito bila sababu, au anapata choo cheusi kama lami. Saratani ya umio ni ya kawaida mno Kenya kuliko nchi nyingi, na dalili hizo zinahitaji kamera ya kuangalia umio, si kubadilisha kinywaji.

Vipi kuhusu gesi ya tumbo la chini, ile ya kunguruma na kujamba? Hiyo mara chache hutoka kwenye chupa. Kabonidayoksaidi hupenya ukuta wa utumbo haraka na kuingia damuni. Inayosumbua chini hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana, wakila mabaki ya githeri, au sukari ya maziwa kwa wale ambao mwili wao hauimeng'enyi. Nimeona watu wakiacha maji ya gesi na kuendelea na vikombe vinne vya chai ya maziwa kwa siku, kisha wakashangaa tumbo bado limevimba.

Ile iliyoingia damuni ndiyo inayoogopewa kwa mifupa, eti huitia damu asidi hadi mwili uchote kalisi ya mifupa kuituliza. Mwili uliopumzika hutengeneza wenyewe takriban mililita 200 za kabonidayoksaidi kila dakika, na mapafu huitoa. Gesi yote ya chupa yetu, hata kama tungeimeza bila kupoteza tone, ni kazi ya dakika nane hivi. Damu haihitaji kuchota kalisi ya mifupa ili kuimudu. Hofu hii ilipata nguvu kutokana na kola. Mwaka 2006, utafiti wa Framingham huko Marekani uliona wanawake waliokunywa kola kila siku walikuwa na mifupa hafifu zaidi ya nyonga, lakini soda zingine zenye gesi hazikuonyesha hivyo. Kola ina asidi ya fosforasi na kafeini, na mara nyingi huchukua nafasi ya maziwa mezani. Mapovu yangekuwa ndiyo chanzo, soda zote zingeonyesha matokeo yaleyale.

Kwa hiyo mama aliyekoma hedhi akiniuliza kama ayaache maji yenye gesi kwa ajili ya mifupa, namwambia aendelee. Kisha namuuliza anakunywa kola kiasi gani, kama amewahi kutumia dawa za steroidi kwa miezi mingi, na kama amewahi kuvunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka tu akitembea.