Tumbo limejaa na anatapika: usimwongezee kidonge cha minyoo

Mwanangu yuko darasa la pili. Dawa ya minyoo nimpe kila baada ya muda gani?

Mara 1 kwa mwaka inatosha sehemu nyingi. Pale ambapo minyoo imeenea sana, yaani nusu ya watoto au zaidi wanayo, hupewa mara 2 kwa mwaka. Dozi yenyewe ni kidonge 1 cha albendazoli cha miligramu 400, au kidonge 1 cha mebendazoli cha miligramu 500. Anakitafuna, anakunywa maji, basi. Haijalishi ana miaka 6 au 14, kidonge ni kilekile. Nusu kidonge cha albendazoli ni cha mtoto wa mwaka 1 ambaye bado hajatimiza miaka 2. Mdogo asiyejua kutafuna vizuri asagiwe kidonge na kuchanganyiwa maji, kwa sababu kikimpalia kinaweza kumziba pumzi. Naomba pia usimkabe mikono na kumbana pua ili ameze.

Kabla hujaenda duka la dawa, muulize mtoto kama shuleni walipewa kingatiba. Wengi wanaoniletea vifungashio vya dawa hapa zahanati wamerudia kile ambacho mwalimu alikwisha kutoa wiki iliyopita. Wadogo zake walio chini ya miaka 5 wana utaratibu wao: hupewa pamoja na matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6.

Kwa nini nisimpe kila mwezi, ili ikae mbali kabisa?

Kwa sababu kidonge kinaua minyoo iliyopo siku hiyo, hakiweki ulinzi. Baada ya siku chache dawa imeshatoka mwilini, na mtoto akimeza yai la mnyoo kesho ataambukizwa kama kawaida.

Tena minyoo hii mirefu ya duara haizaliani ndani ya tumbo, jambo ambalo wengi hawalijui. Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, lakini mayai yote yanatoka na choo na hukaa kwenye udongo wiki 2 au zaidi ndipo yaweze kuambukiza. Kwa hiyo kila mnyoo uliomo tumboni uliingia kama yai lake peke yake: kwenye kucha, kwenye embe lililookotwa chini, kwenye mchicha uliooshwa kwa maji machafu. Likishamezwa, kiluwiluwi hupita kwenye damu, hupanda hadi mapafuni, hukoholewa na kumezwa tena, na hadi kuwa mnyoo mkubwa unaotaga ni miezi 2 hadi 3. Kidonge cha kila mwezi kinakimbizana na kitu ambacho bado hakijakua. Choo chenye mfuniko, sabuni na kucha fupi ndivyo vinavyopunguza idadi ya mayai yanayoingia.

Tumbo limejaa kama ngoma, anatapika. Juzi nilimpa kidonge, jana tena. Nimwongeze cha tatu?

Hapana. Usimpe cha tatu, usimpe dawa ya kuharisha, usimpe chakula. Mchukue mtoto uje naye sasa hivi.

Naandika kwa ukali kidogo kwa sababu nimelikuta jambo hili mara nyingi mno. Mtoto mmoja wa miaka 6, mwembamba, tumbo kubwa, aliletwa siku ya nne. Mama yake hakuwa mzembe hata kidogo. Mtoto alipotapika mnyoo siku ya kwanza, akasema ni minyoo, akampa dawa. Siku ya pili tumbo likazidi, akampa nyingine. Siku ya tatu jirani akamshauri dawa ya kusafisha tumbo. Alipofika kwangu alikuwa anatapika maji ya kijani, hajapata choo wala kutoa upepo kwa siku 2, na nilipoweka mkono pembeni ya kitovu niligusa kitu kama kamba iliyokunjwakunjwa. Lilikuwa bonge la minyoo lililoziba utumbo.

Tulimwekea dripu ya maji, tukapitisha mpira puani hadi tumboni ili kutoa yaliyojaa, tukampandisha gari kwenda hospitali ya wilaya. Alikaa siku 2 bila kula, akiangaliwa kila saa chache, na bonge likaachia bila upasuaji. Dawa ya minyoo alipewa baadaye, choo kilipofunguka. Angekuja siku ya kwanza angeteseka kidogo tu. Angechelewa siku moja zaidi, sina hakika kama utumbo ungekuwa mzima.

Utumbo ulioziba hauhitaji kidonge. Kidonge juu ya bonge kinaweza kuifanya minyoo mingi ihangaike au ilegee kwa pamoja palepale ilipokwama, na bonge likazidi kukaza. Dawa ya kuharisha ni mbaya zaidi, kwani unausukuma utumbo ambao mbele hauna njia.

Imeshakuwa usiku. Tukisubiri kupambazuke si ni sawa?

Kama anatapika na tumbo limejaa, hapana. Kama hajapata choo wala upepo, hapana. Kama matapishi ni ya kijani, au tumbo limekuwa gumu na hataki liguswe, hapana kabisa. Utumbo ulioziba hufa kwa kukosa damu, na ukishatoboka mtoto anaingia upasuaji akiwa dhaifu. Tafuta bodaboda, amsha jirani, piga simu kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Usimpe kitu mdomoni njiani.

Na kama tumbo halijavimba, hatapiki, anacheza na anapata choo, basi huyo anaweza kungoja asubuhi. Sisemi kila anayeumwa tumbo akimbizwe usiku.

Nitajuaje kwamba minyoo imemzidi?

Minyoo michache haionyeshi dalili yoyote, ndiyo maana shuleni wanapewa wote bila kupimwa. Ikizidi, kila aina ina namna yake ya kujionyesha.

Ya duara, ile inayofanana na nyungunyungu weupe, hufanya tumbo likue, maumivu yaje na kuondoka karibu na kitovu, na mnyoo kutokea mdomoni au kwenye choo. Minyoo mjeledi ikiwa mingi huleta choo cha damu na ute kinachojirudia kwa wiki kadhaa, na mtoto anapojikamua nyama ya njia ya haja inatoka nje. Huyu aje apimwe choo, maana kidonge 1 hakiimalizi minyoo mjeledi vizuri, na mara nyingi tunampa dawa siku 3 mfululizo.

Inayonisumbua zaidi ni safura, kwa sababu haifanyi kelele. Inapenya kwenye ngozi ya miguu pekupeku, inajishika kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo, miezi kwa miezi. Hakuna mnyoo unaouona. Unachokiona ni mtoto aliyekuwa anakimbia shule sasa anabaki nyuma ya wenzake, anasinzia darasani, anakula udongo wa ukutani.

Fanya hivi leo. Mkalishe kwenye mwanga wa jua, fungua kiganja chake bila kukivuta vidole nyuma, ukiweke karibu na cha kwako au cha mtoto mwingine mzima. Kikiwa cheupe kuliko vingine, funua kope ya chini ya jicho utazame ndani, kisha mlete apimwe wingi wa damu. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11 tunataka gramu 11.5 au zaidi kwa desilita. Ikiwa chini ya 8 ni upungufu mkali, na hapo kidonge cha minyoo peke yake hakitoshi: atahitaji madini ya chuma kwa miezi, na akiwa anahema hata amekaa, huenda akahitaji kuongezewa damu siku hiyohiyo.

Hapa nako kosa ni lilelile. Mtoto amepauka, anapewa kidonge. Bado amepauka, anapewa kingine. Kidonge kinaua mnyoo, hakirudishi damu iliyokwisha kunyonywa. Na kupauka si safura tu. Huku kwetu malaria na selimundu vinafanya hivyohivyo, na duka la dawa haliwezi kukutofautishia.

Nimempa dawa lakini sijaona mnyoo hata mmoja. Labda ilikuwa feki?

Si lazima uone kitu. Safura ina urefu wa sentimita 1 tu, na minyoo mingi husagika tumboni kabla haijatoka. Ukiona mirefu ikitoka baada ya siku 1 au 2, sawa, usiogope. Kuumwa tumbo kidogo au kichefuchefu siku ya kwanza ni kawaida, hasa kwa mwenye minyoo mingi. Kutapika mfululizo na tumbo kujaa si kawaida, na jibu lake umelisoma juu.

Anasaga meno usiku, nampa sukari nyingi pia. Hiyo si dalili?

Kusaga meno hakuthibitishi minyoo, na sukari haizai minyoo. Itamharibia meno. Akijikuna sana njia ya haja usiku, hiyo ni minyoo midogo myeupe kama nyuzi: nyumba nzima inapewa dawa siku moja, inarudiwa baada ya wiki 2, na mashuka yanafuliwa.

Bibi anampa kijiko cha mafuta ya taa.

Mwambie bibi, kwa heshima zote, aache leo. Mafuta ya taa yakiteleza kidogo tu kuingia mapafuni, mtoto anakohoa, anahema kwa shida, na tunaweza kumpoteza. Ikiwa amekwisha kumpa, usimtapishe, maana yakirudi juu ndipo yanapoingia mapafuni kwa urahisi. Mlete.

Anakojoa damu mwishoni mwa mkojo. Nimempa albendazoli, haisaidii.

Haiwezi kusaidia, hicho ni kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli, na idadi ya vidonge hutegemea uzito. Shuleni mtoto husimamishwa kando ya fimbo yenye alama ili urefu wake utumike kukadiria uzito. Ale kwanza kabla ya kumeza.

Nikija zahanati nije na nini?

Vifungashio vya dawa zote ulizompa, hata vilivyobaki vitupu, pamoja na tarehe unazokumbuka. Niambie alipata choo mara ya mwisho lini, ametapika mara ngapi na kwa rangi gani, shule iliwapa kingatiba mwezi gani. Kama umeona mnyoo, niambie urefu wake kwa kuonyesha kwenye kidole. Si lazima uulete kwenye chupa, ingawa kila wiki kuna anayeniwekea mezani.