Je, wajua? Mfupa umeunga, mkono bado unawaka

"Shangazi yangu aliteleza ngazini kwao Langoni, Lamu, akavunjika kifundo cha mkono. Plasta imetolewa baada ya wiki 6 na eksirei inaonyesha mfupa umeunga. Mbona mkono umevimba, unawaka kama umepakwa pilipili, na rangi yake imegeuka?"

Mfupa umepona kweli. Kinachougua sasa ni mishipa ya fahamu.

Mishipa hiyo haipeleki habari za maumivu tu. Mtu akiumia, ncha zake humwaga kemikali papo hapo penye jeraha, mishipa midogo ya damu ikapanuka na kuvuja maji. Ndiyo maana kidole kilichobanwa na mlango hupata joto na kujaa. Kwa kawaida hali hiyo hupoa siku hata siku. Kwa watu wachache, wengi wao wanawake, haipoi: mkono hubaki na joto, umejaa, ngozi inang'aa. Miezi ikipita, mishipa ya damu huweza kujibana, na mkono uliokuwa moto ukawa baridi, rangi ikaelekea zambarau. Mguu uliovunjika nao huweza kupatwa hivyo hivyo. Madaktari huuita ugonjwa huu sindromu ya maumivu changamano ya kiungo. Mwaka 1900 daktari mpasuaji wa Kijerumani, Paul Sudeck, alieleza jinsi mifupa ya kiungo kama hicho inavyopungua uzito.

Kisha ubongo nao unaingia. Ukipokea habari za maumivu mfululizo, huanza kuzikuza, hata leso ikipita juu ya ngozi ikauma kama moto. Mgonjwa huuficha mkono kifuani, hataki uguswe, hautumii. Mkono usiotumika husahaulika kichwani: mguse kidole akiwa amefumba macho, huenda akakwambia ni kingine. Naomba jamaa walielewe hili, kwa sababu nimesikia wagonjwa wakiambiwa wanajidekeza, au kwamba wamepigwa kijicho. Shangazi yako haigizi.

Hakuna kipimo kimoja cha damu wala picha inayothibitisha. Daktari hulinganisha mikono miwili. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, basi weka mgongo wa mkono wako juu ya wake, mmoja baada ya mwingine, usikie tofauti ya joto. Tazama kama upande mmoja umekuwa mweusi zaidi, unatoka jasho zaidi, au kama kucha na nywele zinaota tofauti. Muulize kama vidole vinagoma kufunga ngumi. Maumivu yenyewe huwa makali kuliko jeraha lililoyaanzisha.

Yako mengine yanayofanana, nayo hayangoji. Homa, usaha au wekundu unaopanda huenda ni maambukizi. Shavu la mguu lililovimba, hasa pumzi ikikatika, huenda ni damu iliyoganda. Na kwa aliye bado ndani ya plasta, vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au maumivu yakizidi kila saa, plasta huenda imebana: aende hospitali saa hiyo hiyo.

Matibabu yake yanashangaza watu, maana mkono huu haupumzishwi. Barafu isiwekwe, wala mkono usichuliwe kwa nguvu na mafuta ya moto; nimeona vidole vikikakamaa zaidi baada ya siku ya kuchuliwa. Anza na kumzoesha mguso: kitambaa laini cha hariri kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, kikizoeleka pamba, kisha taulo. Afunge na kufungua vidole mara kwa mara, na autumie mkono kwa kazi ndogo kama kupanga vikombe. Maumivu yakipanda kidogo kisha yakatulia, aendelee. Yakibaki juu mpaka kesho yake, apunguze. Daktari anaweza kuongeza dawa za kutuliza mishipa ya fahamu, na mapema kabisa, prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa muda mfupi.

Kioo pia husaidia. Mama mmoja wa Shela niliyemhudumia hakuweza kugusisha kidole gumba na kidole kidogo. Tulisimamisha kioo mezani katikati ya mikono yake, mkono mgonjwa ukafichwa nyuma ya kioo, mzima ukawa mbele. Akichezesha ule mzima huku akitazama kioo, macho yalimwonyesha mkono mgonjwa ukifunguka bila kuuma. Siku ya kwanza alilia, akasema, "Huu ndio wangu wa zamani." Alifanya hivyo nyumbani kila siku, dakika 10 asubuhi na jioni. Mwezi wa tatu alikanda unga wa mahamri, polepole, na kidole kidogo bado hakikunjiki chote hadi leo.

Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka wa kwanza, baadhi hubaki na maumivu. Mpeleke kwa daktari na mtaalamu wa fiziotherapia wiki hii, mkono ungali na joto.