Kwa nini Mahashivaratri ni usiku wa 14 wa giza

Aliyezoea kuhesabu mwezi mwandamo akisikia "usiku wa 14" huona mbalamwezi: mwezi mpevu, uani kweupe, watoto nje. Kwa hiyo akiambiwa kwamba Mahashivaratri, usiku mkuu wa mungu Shiva kwa Wahindu, ni usiku wa 14, na kwamba ni usiku wa giza, anahisi kuna kosa mahali. Hakuna kosa. Hesabu ndiyo tofauti.

Wahindu huugawa mwezi nusu mbili na kila nusu huhesabiwa upya, 1 hadi 15. Wagujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindu wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, nusu inayokua huiita sud na inayopungua huiita vad. Shivaratri ni vad 14. Tangu mwezi uandame zimeshapita 15 za mwanga na 13 za giza, basi kwa hesabu yetu ya kawaida tuko tarehe 28 hivi, mwezi umebaki ukucha mwembamba unaochomoza mashariki muda mfupi kabla ya jua.

Ukucha huo ndio wenye maana. Shiva huchorwa akiwa na hilali kwenye nywele zake, na sababu yake husimuliwa hivi. Mwezi, Chandra, alioa mabinti 27 wa Daksha lakini akampenda mmoja tu, Rohini. Baba mtu akamlaani akonde hadi aishe. Mwezi ukakonda kila siku, mpaka Chandra akakimbilia kwa Shiva akamwomba. Shiva hakuifuta laana, ila aliipunguza makali: utakonda, kisha utanenepa tena. Mahali panapotajwa ni Somnath, pwani ya Gujarat, na jina lenyewe maana yake ni "Bwana wa Mwezi". Ndiyo maana vad 14 ya kila mwezi ni Shivaratri ndogo. Ni hatua ya mwisho ya kukonda, wakati mwezi unakaribia kabisa kumezwa na jua lakini bado haujaisha. Usiku unaofuata, amavasya, mwezi haupo kabisa, na huo kwa desturi ni wa kuwakumbuka wazee waliotangulia.

Ile kubwa, Maha, ni ya mwezi wa Magha. Kaskazini mwa India watakuambia ni Phalguna, kwa sababu wao huufunga mwezi siku ya mwezi mpevu, Wagujarati huufunga kwenye giza. Majina mawili, usiku ni uleule. Mapokeo husema usiku wa manane wa siku hiyo Shiva alijitokeza kama nguzo ya mwanga isiyo na mwanzo wala mwisho. Mungu Brahma alipanda juu kutafuta kilele, mungu Vishnu akachimba chini kutafuta shina, wote wakashindwa.

Kwa kuwa tukio ni la usiku wa manane, tarehe pia hupangwa kwa usiku wa manane. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Siku ya mwezi ya Kihindu, tithi, haifuati macheo wala saa sita ya usiku. Ni muda ambao mwezi hubadilisha umbali wake na jua kwa nyuzi 12, na kwa sababu mwendo wa mwezi haulingani kila siku, tithi huweza kuwa ya saa 20 au ikapita 26. Sikukuu nyingi hufuata tithi iliyopo jua linapochomoza. Shivaratri haifuati hivyo. Usiku hugawanywa mafungu 15, na linaloangaliwa ni fungu la 8, la katikati kabisa, liitwalo nishita. Tithi ya 14 lazima iwepo hapo.

Chukua mwaka 2024. Kwa saa za India, tithi ya 14 ilianza tarehe 8 Machi saa 3:57 usiku, ikaisha tarehe 9 saa 12:17 jioni. Macheo ya tarehe 8 bado ilikuwa 13; macheo ya tarehe 9 ilikuwa 14. Mtu anayetazama macheo peke yake angefunga tarehe 9, akakesha usiku ambao tayari ni amavasya. Usiku wa manane uliokuwa ndani ya 14 ulikuwa mmoja tu, wa kuamkia tarehe 9, na mkesha ukawa huo. Wanaokesha huugawa usiku zamu nne, kila zamu ya kama saa tatu, wakimwagia linga, nguzo fupi iliyo alama ya Shiva, maji na maziwa na kuweka majani ya mti wa bilva, yale yanayoota matatu matatu kwenye kikonyo kimoja.

Mwezi huo uliokuwa ukucha alfajiri ya tarehe 9 ulikutana na jua tarehe 10. Ulipoonekana tena magharibi, umeshakuwa mwezi wa Ramadhani.