Jiki haitoi ukoko wa chokaa kwenye tangi la choo

Mwezi uliopita niliitwa kwenye nyumba moja ya Arua inayotumia maji ya kisima kirefu, ambapo tangi la choo lilikuwa likilia usiku kucha kwa maji yasiyokoma. Mwenye nyumba alinieleza kwa fahari kwamba alikuwa akilimwagia jiki kila Jumamosi, nami nikajua nitakachokikuta kabla sijainua kifuniko.

Kati ya mambo yote ninayoambiwa na wateja, hili ndilo linalonichosha zaidi. Jiki huua vijidudu na kung'arisha, lakini chokaa iliyoganda haiyeyuki humo, kwa kuwa chokaa huhitaji asidi nayo jiki si asidi. Tena maji yakiwa na madini ya chuma, jiki huyageuza kuwa kutu inayong'ang'ania ukutani. Nilipoushika mpira wa kuzibia ulioko chini ya tangi, vidole vyangu vilitoka vyeusi kama nimeshika masizi: mpira ulikuwa umelika, na hakuna usafi ungeurudisha, ikabidi ununuliwe mwingine.

Nilifunga koki, nikaflashi mara tatu huku nikijaza maji kwa ndoo ili kuondoa jiki yote, kwa sababu jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Kisha nikakausha tangi kwa sponji, nikabandika ukutani vitambaa vilivyoloweshwa siki, na valvu ya kuingizia maji, baada ya kuifungua na kutoa raba yake, nikailaza kwenye bakuli la siki ya vuguvugu. Povu likaanza mara moja, ishara kwamba ni chokaa inayoyeyuka. Baada ya saa moja nilisugua kwa mswaki wa zamani, na floti iliyokuwa ikikwama katikati ikapanda na kushuka bila kusukumwa. Madoa ya kahawia yaliyobaki niliyapaka unga wa asidi ya limao, vijiko viwili vya chakula katika lita moja ya maji, kwa kuwa siki ni dhaifu mbele ya kutu.

Wapo wanaopaka vaselini ili valvu iteleze: hiyo huvimbisha raba. Wapo wanaomimina maji yanayochemka, na tangi la kauri hupasuka. Nyavu ya chuma nayo hukwaruza, na mikwaruzo hushika chokaa upya.

Kabla ya kuondoka nilitia rangi ya chakula ndani ya tangi, nikamwomba mwenye nyumba asiflashi kwa nusu saa. Maji ya bakuli la choo yalibaki meupe, kwa hiyo mpira mpya unaziba sawasawa. Aliniuliza kama arudie jiki Jumamosi ijayo. Nikamwambia aitumie kwenye bakuli, akiisha kulisuuza vizuri na siki haipo, lakini asiifikishe kwenye tangi.