Shemeji huingia kwenye zabuni kabla ya tathmini

Kila kamati ya tathmini katika halmashauri husaini tamko kwamba hakuna mjumbe mwenye maslahi na mzabuni yeyote. Fomu hiyo huhifadhiwa vizuri, na wakaguzi wakija ndiyo hati ya kwanza kuombwa. Mimi ni afisa ununuzi na sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba inasainiwa wakati zabuni zimekwisha kufunguliwa, ilhali mtu anayetaka kumbeba ndugu yake huwa amemaliza kazi yake wiki nyingi kabla.

Tuchukue mfano wa kutunga. Halmashauri ya wilaya inataka madawati 900 ya shule za msingi. Idara tumizi ni ya elimu, na ofisa anayeandaa maombi ana shemeji mwenye karakana ya useremala mjini.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Tanzania ya 2023, kama ile ya 2011 iliyoitangulia, imegawa madaraka katika mikono kadhaa inayotakiwa kufanya kazi bila kuingiliana. Idara tumizi inasema inahitaji nini. Kitengo cha usimamizi wa ununuzi kinaandaa nyaraka na kuendesha mchakato. Kamati ya tathmini inapima, bodi ya zabuni inaidhinisha, na Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ndiye afisa masuuli, anatoa tuzo na kubeba lawama. Madiwani hawaketi kwenye bodi ya zabuni. Wao hupokea taarifa na kuhoji, na diwani mwenye maslahi katika mkataba unaojadiliwa anatakiwa kuyatamka kikaoni na kutopiga kura. Kwa hiyo shemeji hawezi kupitia mlango mmoja akafika mwisho. Ila mlango wa kwanza, ule wa idara tumizi, ndio wenye walinzi wachache.

Njia yake ya kwanza ni kukata mahitaji vipande. Madawati 900 yakiwekwa pamoja kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, thamani yake inaweza kulazimisha zabuni shindani ya kitaifa, inayotangazwa kwa wote kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Yakiletwa kama maombi matatu ya madawati 300, moja kila baada ya miezi miwili, kila ombi linaweza kushuka chini ya kikomo na kuangukia kwenye ushindanishi wa bei, ambako wachache hualikwa kuleta nukuu. Hapo shemeji anahitaji marafiki wawili tu wa kumsindikiza kwa bei za juu. Kugawa mahitaji ili kukwepa njia ya ushindani kumekatazwa, na kugundua hilo si kazi kubwa: chukua mpango wa mwaka, panga maombi kwa aina ya bidhaa badala ya tarehe, uone kama kitu kilekile kinajirudia. Ununuzi wa chanzo kimoja nao una masharti yake, lakini kwa madawati ni vigumu mtu kuutetea, maana mafundi wapo kila kona.

Njia ya pili ni vigezo, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote. Idara inaandika: mbao ngumu zilizokauka, unyevu usiozidi asilimia 15, vipimo kadhaa, rangi fulani. Hayo yote yanahusu dawati. Kisha unakuta mstari unaosema mzabuni awe na karakana isiyozidi kilomita 10 kutoka makao makuu ya wilaya. Huo hauhusu dawati, unahusu mtu. Ukimuuliza ofisa atakujibu kwamba ni kwa ajili ya urahisi wa ukaguzi, na jibu linasikika la busara. Mimi humuuliza swali moja zaidi: dawati likitengenezwa kilomita 40 na likaletwa shuleni kwa gharama ya mzabuni, shule inapungukiwa nini? Asipokuwa na jibu, mstari unatoka. Kitengo kina haki ya kurudisha maombi yenye kigezo kinachobagua, na kinapaswa kufanya hivyo kwa maandishi, si kwa simu.

Tuseme mstari ule umepita. Zabuni tatu zinafunguliwa. A ni shilingi 76,500,000, yaani 85,000 kwa dawati. B imeandika jumla ya 74,700,000, lakini bei yake kwa dawati ni 86,000. C, ambaye ndiye shemeji, ameandika 81,900,000, sawa na 91,000 kwa dawati.

Zabuni ya B haiwi ya chini kabisa kwa sababu tu namba iliyosomwa siku ya ufunguzi ni ndogo. Jumla ikipingana na bei ya kitu kimoja, bei ya kitu kimoja ndiyo hushika, labda iwe wazi kwamba nukta ya desimali imekosewa. Mara 900, B anakuwa 77,400,000 na kuombwa akubali marekebisho hayo. Sasa A ndiye wa chini. Lakini karakana ya A iko kilomita 40, na ripoti ya tathmini inamtoa hatua ya awali. Ikikuta na B yuko nje ya kilomita 10, C anabaki peke yake, akiwa ghali kuliko A kwa shilingi 5,400,000. Wajumbe wote wamesaini tamko, na huenda wote ni wakweli. Wamepima kwa rula waliyopewa.

Ndiyo maana ninaisoma ripoti kuanzia kwa walioshindwa. Bodi ya zabuni haina mamlaka ya kubadilisha mshindi yenyewe, ila inaweza kukataa pendekezo na kulirudisha kwa sababu. Swali la bodi liwe hili: je, upungufu uliomtoa A ni wa msingi, unaogusa ubora, wingi au muda, au ni wa karatasi tu? Ikigundulika kwamba kigezo chenyewe ndicho kibovu, kamati haiwezi kukifuta katikati ya tathmini kana kwamba hakikuandikwa. Njia safi ni kuikataa zabuni na kuitangaza upya, hata kama shule zitasubiri.

Kuna pia notisi ya kusudio la kutoa tuzo, inayotumwa kwa wazabuni wote ikionyesha nani anakusudiwa na kwa nini wengine hawakufaulu. A akiisoma anaweza kulalamika kwa afisa masuuli, na asiporidhika aende Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma. Kwa uzoefu wangu huyu mzabuni mwenye hasira ni mkaguzi makini kuliko sisi wote, ila apewe sababu kamili. Notisi inayosema tu "hukukidhi vigezo" inamfunga macho.

Tamko lenyewe lina kikomo kingine: linategemea mtu ajitaje. Karakana inaweza kusajiliwa kwa jina la mke wa rafiki. Taarifa za BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, zitakuonyesha wakurugenzi na wanahisa wa kampuni, hazitakuonyesha undugu. Kwenye nukuu za bei huwa naangalia vitu vidogo: namba moja ya simu kwenye wazabuni wawili, kosa lilelile la tahajia, bei zinazopishana kwa asilimia ileile kila mstari. Mjumbe akijitaja, anaondolewa na kuwekwa mwingine. Kukaa kimya ndani ya chumba hakutoshi.

Na shemeji akishinda kihalali kabisa, bado kuna kamati ya ukaguzi na mapokezi. Ofisa yuleyule wa elimu akiteuliwa humo, ndiye atakayepima unyevu wa mbao za nduguye. Uteuzi huo hufanyika haraka, mara nyingi siku gari limeshafika getini, na tamko la maslahi husahaulika. Mimi huliandaa pamoja na barua ya uteuzi, na kabla halijasainiwa naomba majina yalinganishwe na ya walioandika vigezo.